Mlango Mmoja, Hodi Nyingi: Namna ya Kuchagua Hashtegi

Wiki hii tumeona ni vyema tuzungumze jambo ambalo limeingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Karibu kila familia ina mtu anayeweka picha mtandaoni: binti anauza mabuibui, mama anapika keki za harusi, kijana anatengeneza vitanda. Na chini ya picha hizo huandikwa yale maneno yanayotanguliwa na alama ya reli, #, ambayo wengi tunayaita hashtegi. Huandikwa kwa wingi na kwa haraka, mfano wa mtu anayemwaga mchele uani bila kuangalia ni kuku wa nani watakaokuja kuudonoa.

Lililotusukuma kuandika ni kisa cha mwanamke mmoja wa Unguja, mpaka hina maharusi, ambaye alitujia akiwa na simu mkononi na huzuni usoni. Kazi yake anaifanyia nyumbani, Ng'ambo, na wateja wake ni wanawake watupu. Pato lake ndilo linalolipa ada za watoto wawili. Alikuwa ameweka Instagram picha ya mikono ya bibi harusi mmoja, kwa idhini yake, uso ukiwa haumo. Maua ya hina yalikuwa mazuri kwelikweli. Chini ya picha aliandika hashtegi 28.

Picha ikatazamwa sana, kuliko zote alizowahi kuweka. Lakini katika watu waliomwandikia hakutokea hata mmoja aliyetaka kupakwa hina. Wengi walikuwa wanaume wa nchi za mbali. Wengine waliuliza kama yeye mwenyewe ndiye mwenye mikono ile, na wengine waliandika maneno ambayo hatuwezi kuyachapa hapa. Kisha mama wa bibi harusi akapiga simu. Jamaa yao aliye ughaibuni ameiona mikono ile katika ukurasa uliojaa picha za watu wa ufukweni wasio na staha, na ameitambua kwa pete. "Dada yangu," alisema yule mama, "sisi tulikupa mkono wa mwanetu uupambe, hatukukupa ukautembeze." Usiku ule mumewe alimwambia aifunge akaunti.

Swali alilotuletea lilikuwa fupi: "Nimekosea wapi, na ilhali picha yenyewe haina ubaya?"

Tulikaa naye, tukaifungua orodha yake ya hashtegi 28, tukaipitia moja baada ya moja. Tuliyojifunza katika kikao kile ndiyo tunayowaletea.

Hashtegi hufanya nini hasa

Alama hii ilipendekezwa kwa mtandao wa Twitter mwezi Agosti 2007 na Mmarekani Chris Messina, kwa nia ya kukusanya mahali pamoja mazungumzo ya watu wanaozungumzia jambo moja. Kazi hiyo haijabadilika. Ukiandika neno lenye alama ya reli katika akaunti iliyo wazi, unaitoa picha yako nyumbani na kuipeleka katika ukurasa wa neno hilo, ikae na picha za wengine wote waliolitumia. Anayelitafuta neno huyakuta yote pamoja.

Kwa hiyo hashtegi si pambo la maneno wala si dua ya kuomba kupendwa. Ni mlango. Na kila mlango una baraza yake, yenye watu waliokwisha kukaa kabla yako. Mwenzetu alikuwa ameifungua milango 28 kwa wakati mmoja, wala hakuwa ameangalia barazani kumekaa nani.

Neno letu si letu peke yetu

Tulianza na neno aliloliamini kuliko yote: #hina. Yeye aliona hakuna neno lililo wazi zaidi ya hilo, kwani ndiyo kazi yake. Tukamwambia aliandike katika kisanduku cha kutafutia, aangalie mwenyewe. Alishangaa. Hina, kwa Wajapani, ni jina la wasichana, na ni jina la wanasesere wa sikukuu ya wasichana inayofanywa tarehe 3 Machi kila mwaka. Kwa Kiindonesia na Kimalei, hina maana yake ni kitu duni, cha kudharauliwa. Maua yake ya Unguja yalikuwa yamewekwa katikati ya watu wasioijua hina wala hawakuwa wakiitafuta.

Tukaenda kwenye #piko, rangi nyeusi aliyoitumia kuzungushia maua. Piko ni kampuni ya Ujerumani inayotengeneza treni ndogo za kuchezea, na wapenzi wa treni hizo hulitumia jina hilo wanapoonyesha mabehewa na reli zao. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema, "Kumbe nimepaka hina garimoshi!"

Kisha tukafika kwenye #Zanzibar, na hapo kicheko kikakatika. Neno hili kwetu ni nyumbani. Kwa ulimwengu ni mapumziko. Wanaoliandika zaidi ni watalii na wenye mahoteli, na picha zao nyingi ni za bahari, mchanga, na watu waliovaa nguo za kuogelea. Hapo ndipo jamaa wa bibi harusi alipoiona mikono. Hakuna aliyeiba picha wala aliyemchafulia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka, kwa neno zuri la jina la visiwa vyake.

Somo tulilolipata ni hili: neno likiwa moja, fupi na la jumla, huwa ni la watu wengi wasiofanana. Dawa yake ni kuunganisha maneno mawili au matatu mpaka yabaki na maana moja tu. #hina ina maana nyingi, lakini #HinaZanzibar haiwezi kuwa jina la msichana wa Kijapani. #piko ni treni, lakini #PikoNaHina inarudi nyumbani. #Zanzibar ni ufukwe, lakini #HarusiZanzibar ni ukumbi, ngoma na pilau.

Tazameni pia kazi ya lugha yenyewe katika mfano huo wa mwisho. Alikuwa ameandika #ZanzibarWedding, kwa kudhani kwamba Kiingereza kitamletea wateja wengi. Kilimletea wageni wanaotafuta hoteli ya kufungia ndoa ufukweni. Mteja wake ni mama wa Kikwajuni au binti wa Mkoani anayefikiri na kuandika kwa Kiswahili. Kuandika kwa Kiswahili ni chekecheo: huwapitisha wanaokuhusu na kuwazuia wasiokuhusu. Mwenye kutafuta wageni na aandike kwa lugha ya wageni, asiyewatafuta asiwaite.

Hata hivyo, kubana kuna mpaka wake. Ukiunganisha maneno mpaka likatoka neno refu kama #HinaNyekunduYaMkonoWaKuliaYaHarusiYaJumapili, umefungua mlango ambao hapana atakayeupita, kwa sababu hapana atakayeliandika. Kipimo chake ni rahisi: jiulize ni maneno gani ambayo mteja angeyaandika kwa vidole vyake mwenyewe. Mwenzetu alikuwa akiandika #BibiHarusi, lakini alipoangalia jumbe za wateja wake wa zamani aliona wengi wao huandika "biharusi" kwa neno moja. Hashtegi nzuri hufuata tahajia ya anayetafuta.

Hashtegi ngapi zinatosha

Kwa miaka mingi Instagram iliruhusu hashtegi 30 kwa kila picha, na wengi walichukulia ruhusa hiyo kuwa ni agizo. Mwaka 2021 mtandao wenyewe, kupitia akaunti yake ya kuwaelekeza watengenezaji wa maudhui, ulishauri watu watumie 3 hadi 5. Tangu hapo mwelekeo umekuwa wa kubana, si kulegeza. Mwezi Desemba 2024 uliondoa hata uwezo wa kufuata hashtegi kama mtu anavyomfuata mtu. Na Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema zaidi ya mara moja kwamba hashtegi haziongezi kwa kiasi kikubwa idadi ya watu wanaofikiwa.

Basi zina faida gani? Zinaueleza mtandao kwamba picha hii ni ya jambo gani, na zinamsaidia anayetafuta jambo hilo aifikie. Ukiweka tano zinazokubaliana, umetoa maelezo yaliyonyooka. Ukiweka 28 zinazotaja hina, ufukwe, mapenzi, mitindo na "nifuate nikufuate", umetoa maelezo ya picha ambayo haipo. Wanaoletwa huitazama kidogo na kupita, kwa kuwa si walichokitafuta, na kupita kwao nako ni ushahidi mbele ya mtandao kwamba picha haikupendwa.

Katika zile 28, tuligundua kwamba kumi na moja zilikuwa za namna ya #love, #beautiful, #instagood na #followme. Hizi zina mamilioni na mamilioni ya picha. Picha ya mpaka hina wa Ng'ambo ikiingia humo huzama kabla chai haijapoa. Wanaobaki kuiona ni wale wanaozunguka humo kutafuta pa kuandika "nifuate", na wengi wao ni akaunti za kubuni zinazoendeshwa na programu. Tulizifuta zote kumi na moja bila mjadala.

Baraza usizozikalia

Sasa tuje kwenye jambo lililomliza. Miongoni mwa hashtegi zake zilikuwamo #hijab na #beautiful, zikifuatana na maneno mawili ya Kiingereza yanayosifu mwili wa mwanamke, ambayo aliyanakili kutoka kwa muuzaji mmoja wa vipodozi bila kujua maana yake kamili. Neno la vazi la sitara likiambatana na neno la kusifu mwili huwaita watu wa aina moja mahususi, na ndio waliomwandikia. Kanuni tuliyompa ni kwamba hashtegi ieleze kazi, isimweleze mtu. Hina, harusi, maua, mji: hizo ni kazi. Binti, mrembo, mke, mjane: hizo ni watu, na anayetafuta watu hatafuti hina.

Nusu nyingine ya kanuni hiyo inawahusu watoto, na hapa tunawaomba wazazi watusikilize kwa makini. Mwezi Juni 2023 gazeti la Marekani The Wall Street Journal, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Massachusetts Amherst, lilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wenye nia chafu kwa watoto walikuwa wakitafutana Instagram kwa kutumia hashtegi. Kampuni ya Meta, yenye mtandao huo, ilikiri kuwapo kwa kasoro katika usimamizi wake na ikazifungia maelfu ya hashtegi. Mzazi wa kawaida hawezi kuandika hashtegi za namna ile. Lakini anaweza kuweka picha ya mwanawe akioga au akiogelea, akaandika neno la Kiingereza la kuoga au kuogelea kwa watoto. Neno hilo halina ubaya, ila linakusanya katika ukurasa mmoja picha za watoto wasiovaa vyema kutoka dunia nzima, na ukurasa huo uko wazi kwa kila mtu. Kwa picha za watoto, idadi sahihi ya hashtegi ni sifuri. Na zikae katika akaunti iliyofungwa, ambayo picha zake hazionekani katika kurasa za hashtegi hata ukiziandika.

Kituo kilichokatwa

Jambo moja dogo lilitushangaza sote. Mwenzetu alikuwa ameandika #Ng'ambo ili wateja wa mtaani wampate. Hawakumpata. Hashtegi huishia pale inapokutana na alama isiyo herufi, tarakimu au kistari cha chini, na ile alama ya juu katika ng' huikata. Mtandao ulisoma #Ng peke yake, ikampeleka mahali pasipohusiana kabisa na Unguja. Utaligundua kosa hili ukitazama rangi: herufi zilizomo katika hashtegi hugeuka buluu, zilizokatwa hubaki na rangi ya maandishi ya kawaida. Anayetaka jina la aina hii na aliandike bila alama, #HinaNgambo, au alitaje katika maelezo ya picha.

Herufi kubwa nazo zina kazi. Mtandao hautofautishi #hinayaharusi na #HinaYaHarusi, lakini jicho hutofautisha, na hali kadhalika programu zinazowasomea wasioona. Margaret Thatcher wa Uingereza alipofariki Aprili 2013, hashtegi #nowthatchersdead ilienea, iliyokusudiwa kusema kwamba sasa Thatcher amefariki. Baadhi ya watu waliyagawa maneno mahali pengine, wakasoma kwamba sasa mwimbaji Cher amefariki, wakaanza kumwomboleza akiwa hai. Herufi kubwa tatu tu zingeuzuia msiba ule usio na maiti.

Orodha mpya

Baada ya kuzifuta zote 28, tulimpa masharti mawili kwa kila neno jipya. La kwanza, aliandike katika kisanduku cha kutafutia na azitazame picha tisa za mwanzo. Ikiwa kuna hata mbili ambazo asingependa mikono ya mteja wake ikae pembeni yake, neno hilo aliache. Ikiwa ukurasa hauna kitu kabisa ilhali neno ni la kawaida, huenda mtandao umelifungia kwa sababu ya matumizi mabaya, nalo aliache. La pili, aweze kumtaja kwa sauti mtu ambaye angeliandika. Zilibaki tano:

#HinaZanzibar
#HinaYaHarusi
#BiharusiZanzibar
#PikoNaHina

Ya tano ni jina la biashara yake likiambatana na neno hina, ambalo hatulitaji. Hiyo haimletei mgeni, ila anayeibonyeza hukuta kazi zake zote pamoja, kama mtu anayefunguliwa kabati la sampuli. Na katika maelezo ya picha aliandika kwa maneno ya kawaida: "Napaka hina na piko kwa maharusi. Nipo Ng'ambo, Unguja. Wanawake tu." Maelezo hayo nayo hutafutika, na yana uzito kuliko hashtegi ishirini. Mtaa aliutaja, nyumba hakuitaja.

Picha ya zamani hakuifuta. Aliihariri, akaziondoa hashtegi zote, nayo ikatoka katika kurasa zile. Kisha alimpigia simu yule mama, akamweleza alichokifanya na akamwomba radhi. Kwa picha mpya, pete huvuliwa kwanza.

Tuwe wakweli kuhusu mpaka wa jambo hili. Hashtegi huchagua anayeitwa, haimzuii asiyeitwa. Akaunti iliyo wazi ni wazi kwa kila mtu, na ndiyo maana tulimwonyesha pia namna ya kuzuia ujumbe kutoka kwa wasiomfuata. Tulimwonyesha vilevile sehemu ya takwimu katika akaunti ya biashara, inayoeleza watazamaji wanatoka nchi na miji gani na ni wanaume au wanawake. Hiyo ndiyo mizani yake. Miji ya mbali ikianza kupanda juu ya orodha, ajue kuna mlango alioufungua bila kujua, arudi aukague.

Mwezi mmoja baadaye alitujia tena, na safari hii mumewe alikuwa naye. Picha zake zilikuwa zikitazamwa na watu wachache mno kuliko ile ya mwanzo, na jambo hilo lilimtia wasiwasi kidogo. Tukamuuliza wangapi wamemwandikia. Akasema saba, wote wanawake, wanne wa Mjini, wawili wa Pemba, na mmoja wa Dar es Salaam anayekuja kuolewa Unguja baada ya Idi. Mumewe, ambaye hakuwa amesema neno, aliichukua simu, akazipitia zile jumbe saba polepole, kisha akamrudishia mkewe na kusema, "Huyu wa Pemba mjibu mapema, asije akapata mwingine."